Tangazo la vijana wa Nairobi: sarufi kwanza, Sheng baadaye

Hili hapa ni tangazo la redio ambalo halijawahi kurushwa hewani, ingawa ndugu zake husikika kila wiki:

*Niaje mabeshte! Je, wataka kitu cha kutisha cha kutafuna? Jipatie krips zetu noma kwa mbao tu, nawe utakuwa msupa ama msee wa nguvu mtaani! Krips zetu, fom ni kujienjoi!*

Kijana wa Kayole akilisikia hatahitaji kuambiwa mwandishi ni wa rika gani. Mteja naye akiambiwa halifai atajibu kwamba basi tutafute maneno mapya zaidi, na hapo ndipo kazi huharibika mara ya pili. Ni kweli kuna neno lililochakaa humo. "Msupa" ni neno la watu ambao leo wanalipa karo ya sekondari. Lakini jaribu kuliondoa uweke lolote linalovuma mwezi huu, kisha usome tena kwa sauti. Mzee bado yumo.

Anayemfichua ni "Je, wataka", ni "kitu cha kutisha cha kutafuna", ni "nawe utakuwa". Hakuna mtu wa miaka 20 anayeongea hivyo kwenye gari la kwenda Buruburu. Hiyo ni sarufi ya insha ya darasani iliyovalishwa kofia nyuma mbele. Sheng hukaa juu ya sarufi ya Kiswahili, lakini Kiswahili chenyewe ni kile kinachozungumzwa Nairobi, na ukikosea hapo chini hakuna neno la juu litakalokuokoa. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume na uliozoeleka: maneno ya mtaani yanaingia mwisho, na yanaingia machache.

Tutatumia kazi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bidhaa ni krips za viazi zenye pilipili na ndimu, pakiti ndogo ya shilingi 20, zinazouzwa kwa vioski na wachuuzi wa madirishani kwenye steji za matatu. Walengwa ni vijana wa miaka 18 hadi 24. Tunataka tangazo la redio la sekunde 30 na bango la nyuma ya matatu.

Hatua ya kwanza: amua nani anaongea

Kabla ya kuandika sentensi, andika majibu ya maswali matatu: anayeongea ni nani, anaongea na nani, na wako wapi saa ngapi. Tangazo lile baya halina jibu hata moja. Anayeongea ni kampuni, inaongea na "vijana", na haiko popote.

Kampuni haina rika wala mtaa. Ikisema "niaje" inasikika kama mwanasiasa aliyevaa jezi siku ya kampeni. Lakini wahusika wawili wanaojuana wanaweza kusema lolote linalowafaa, na msikilizaji anawasikiliza kama anayesikiza mazungumzo ya kiti cha mbele. Kanuni ninayoifuata ni hii: wahusika waongee Sheng kidogo, kampuni iongee Kiswahili rahisi. Jina la bidhaa, bei na mstari wa mwisho ni vya kampuni.

Kwa krips zetu nachagua msichana na mvulana, marafiki wa chuo, ndani ya matatu ya Buru ambayo haijajaa, jioni. Konda yuko nje anaita "mmoja twende, mmoja twende" ilhali viti vitano viko wazi. Kila anayepanda matatu Nairobi anaujua uongo huo, na tangazo tayari limepata kichekesho kisichotegemea msamiati wowote.

Hatua ya pili: andika bila Sheng hata moja

Hii ndiyo hatua ndefu na ndiyo inayorukwa. Andika mazungumzo yote kwa Kiswahili cha kawaida cha Nairobi, kile anachokitumia hata kijana asiyejua Sheng sana. Ukiyasoma na yasikike ya kijana bila neno la mtaani, umefika.

Kiswahili hicho kina tabia zake, na si makosa ya kubahatisha. Vitu visivyo na uhai huelekea kwenye i- na zi-: "kitu imeisha", "viatu zangu", "gari imejaa". Watu hubaki na a- na wa-, kwa hiyo mwandishi anayedhani kila upatanisho unavunjwa na kuandika "watu zinakuja" anajianika. Jambo la mazoea hupata -anga: "zinaishanga", "tunakujanga". Mahali pa "niliyokununulia" kijana husema "yenye nilikununulia", na pa "jinsi ulivyosema" husema "venye ulisema". "Katika matatu" huwa "kwa mat". "Kwa sababu" hufupishwa kuwa "ju".

Kisha kuna maneno madogo ambayo hayamo kwenye orodha ya Sheng ya mtu yeyote, na ndiyo hubeba rika kuliko yote. "Kwani" ya kushangaa: "Kwani unakula nini?" "Si" ya kuomba kwa upole wenye madai kidogo: "Si unigawie." "Ai" ya kulalamika. "Ama?" ya mwisho wa sentensi. Mtu mzima anayeiga vijana hukimbilia nomino, yaani majina ya pesa, viatu, wasichana. Hizi chembe yeye haziigi kwa sababu hazisikii.

Rasimu yangu ya hatua hii inaenda hivi:

*Msichana: Ai, amesema mmoja tangu tuingie.*
*Mvulana (anatafuna): Mm.*
*Msichana: Kwani unakula nini? Si unigawie.*
*Mvulana: Zimebaki mbili.*
*Msichana: Mbili? Si umefungua saa hii?*
*Mvulana: Zinaishanga hivo.*
*Msichana: Wewe ni mchoyo.*
*Mvulana: Ni ishirini tu. Ona huyo jamaa hapo kwa dirisha.*

Hakuna Sheng humo, na bado huwezi kuyaweka mdomoni mwa mwalimu mkuu. Ningekuwa na mteja mwoga ningeweza kuyarekodi hivi hivi.

Wateja wakibisha kwamba bila maneno ya mtaani vijana hawatalishika, watajie mifano iliyo kwenye simu zao wenyewe. Sambaza, Okoa Jahazi na Fuliza ni majina ya huduma za Safaricom, na yote matatu ni Kiswahili sanifu kabisa. Vijana waliyachukua wakayageuza vitenzi vya kila siku: nisambazie, nimeokoa, nimefuliza. Neno fupi la Kiswahili linalofanya kazi ya kweli lina nafasi nzuri ya kuingia mtaani kuliko neno la mtaani linalorudishwa mtaani na kampuni. Kampuni hiyo hiyo ilipotaka neno la Sheng kwa pointi zake ilichukua Bonga, kitenzi kilichokuwa kimeshaenea kila mahali.

Hatua ya tatu: ingiza maneno mawili au matatu, kwa umri wao

Maneno ya Sheng hayalingani umri. Kuna yaliyokaa kiasi kwamba mama wa kibanda na mwanafunzi wote wanayatumia bila kufikiri: poa, fiti, msee, doo, keja, cheki, bonga, mbao. Haya hayatakufanya uonekane mjanja, na hilo ndilo jambo jema. Kuna ya msimu, yanayokuja na wimbo mmoja au video moja ya TikTok. Na kuna ya mtaa, ambayo Dandora wanayasema na Kawangware wanayacheka.

Hesabu muda wako. Skripti inaandikwa leo, mteja anaipitisha baada ya wiki mbili au tatu, inarekodiwa, muda wa redio unanunuliwa, kisha tangazo linakaa hewani miezi mitatu. Neno la msimu linalovuma leo litakuwa kichekesho kabla pesa ya kampeni haijaisha. Kwa hiyo kwa redio na mabango chukua ya kundi la kwanza peke yake. Neno la msimu lina nafasi kwenye video fupi inayopigwa asubuhi na kutoka jioni, likisemwa na kijana mwenyewe anayelitumia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba msikilizaji huyu hana njaa ya Sheng. Ghetto Radio iko hewani kwa 89.5 inaongea hivyo kutwa. Shujaaz, jarida la katuni lililoanza 2010 na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy 2012, limewazoesha kusoma Sheng iliyoandikwa na watu wanaoijua. Ukizidisha unalinganishwa na hao, na utashindwa.

Sasa rudi kwenye rasimu na uulize: ni wapi kijana huyu *asingeweza* kuepuka neno la mtaani? Bei ndiyo ya kwanza. "Ni ishirini tu" inaeleweka, lakini kati ya marafiki shilingi 20 ni mbao. "Ona huyo jamaa" ni sawa, ila "cheki huyo jamaa" ni laini zaidi mdomoni. Na "wewe ni mchoyo" inakuwa "we msee ni mchoyo", ambayo ina utani badala ya ukali. Maneno matatu yametosha. Kila ukitaka la nne, ondoa moja.

Kabla ya kuyafunga, tafuta maana ya pili. Mteja wa krips angependa sana "zinashika", kwa kuwa pilipili inashika ulimi. Mtaani "imenishika" ni lugha ya kinywaji na ya bangi, na "nimewaka" vilevile ni ya mtu aliyelewa. Utajikuta unauza krips kwa wasikilizaji wanaocheka jambo jingine. Kuna pia mzaha wa "kula fea", wa msichana aliyetumiwa nauli akazima simu. Unavutia kwa bidhaa ya kuliwa ndani ya matatu, na ndiyo maana kila mtu ameshautumia. Zaidi ya hapo unamcheka msichana ambaye ni nusu ya wateja wako. Uache.

Hatua ya nne: mstari wa kampuni

Baada ya wahusika, sauti ya kampuni inaingia mara moja, kwa Kiswahili kisicho na Sheng. Bei itajwe waziwazi hapa, kwa sababu redio inasikika mbali. "Mbao" inaeleweka Nairobi nzima, lakini mzazi wa Kitui anaweza kuwaza dari, na ukivuka mpaka kwenda Arusha hilo tangazo liandikwe upya kabisa.

Kaulimbiu naitoa ndani ya tukio lenyewe: *Zinaisha kabla gari ijae.* Angalia kwamba sanifu ingekuwa "kabla gari halijajaa". Mhariri wa mteja atairekebisha kwa kalamu nyekundu, na hapa ndipo utahitaji kusimama. Mweleze kwamba msamiati wa kampuni ni safi, ila mwendo wa sentensi ni wa mjini, na kwamba ukisahihisha sehemu moja unapaswa kusahihisha zote, nawe utarudi kwenye insha.

Skripti kamili sasa:

*(Steji. Injini inanguruma. Konda, kwa mbali: "Buru mmoja twende! Mmoja twende!")*
*Msichana: Ai, amesema mmoja tangu tuingie.*
*Mvulana (anatafuna): Mm.*
*Msichana: Kwani unakula nini? Si unigawie.*
*Mvulana: Zimebaki mbili.*
*Msichana: Mbili? Si umefungua saa hii?*
*Mvulana: Zinaishanga hivo.*
*Msichana: We msee ni mchoyo.*
*Mvulana: Ni mbao tu. Cheki huyo jamaa hapo kwa dirisha.*
*Konda: Mmoja twende!*
*Msichana: Bosi, nipe mbili.*
*Mvulana: Moja yangu?*
*Msichana: Zangu. Zote.*
*Msomaji: Krips za pilipili na ndimu. Shilingi ishirini. Zinaisha kabla gari ijae.*

Ni maneno kama 60. Kwa sekunde 30 usizidi 70, kwani maneno ya Kiswahili yana silabi nyingi na mazungumzo yanahitaji pumzi katikati. Skripti ndefu huwalazimisha waigizaji wakimbie, na anayekimbia husikika anasoma.

Hatua ya tano: wajaribishe vijana bila kuwauliza kama wamelipenda

Ukimuuliza kijana "hii ni poa?" atasema ni poa. Amelelewa vizuri, na pengine umemnunulia soda. Mpe karatasi, mwambie aisome kwa sauti na mwenzake. Usimrekebishe. Kila mahali anapobadilisha neno bila kujua, yeye yuko sawa na karatasi imekosea. Akisema "zinaishanga ivo" au akaruka "tangu tuingie" akaweka "tangu tufike", andika alichosema.

Kisha msomee, au mchezee rekodi mbaya ya simu, na umuulize: anayeongea ana miaka mingapi, na anafanya kazi gani? Hili ndilo swali lenye faida kuliko yote. Majibu ya "yuko kampo" au "ni kama kasizangu" ni mazuri. Ukisikia "ni MC wa harusi", "ni mwalimu wa CRE" au "ni mheshimiwa", rudi hatua ya pili, usirudi ya tatu. Mwisho mwombe amsimulie rafiki yake kilichotokea kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Katika masimulizi hayo utasikia ni mstari gani umebaki kichwani. Kwa skripti hii natarajia ubaki ule wa konda na ule wa "Zangu. Zote." Ukibaki wa bei peke yake, tukio ni dhaifu.

Fanya hivyo katika mitaa isiyofanana, kwa mfano Kayole, Kawangware na hosteli za Madaraka. Hutafuti neno linalopendwa na wote. Unatafuta neno ambalo hakuna anayelikunjia uso. Waulize pia, kila mmoja peke yake, neno hili linaweza kumaanisha nini kingine. Mbele ya wenzao watacheka tu na hawatakwambia.

Hatua ya sita: studio

Skripti nzuri hufia hapa mara nyingi. Mwigizaji aliyezoea matangazo huwa na sauti ya tabasamu, na akifika kwenye neno la Sheng hulipumzikia kidogo kabla ya kulitamka, kisha hulikanyaga: "Ni... MBAO tu!" Pumzi hiyo fupi ndiyo sauti ya mtu mzima anayeiga. Kijana hutamka "mbao" kwa uzito uleule wa "tu". Prodyusa asikilize jambo hilo peke yake katika kila rekodi.

Dawa ninayoijua ni kuwanyang'anya waigizaji skripti baada ya kuwasomesha mara chache, kuwakalisha wawili karibu, kumpa mvulana pakiti halisi atafune, na kuwaambia waseme tukio kwa maneno yao, kwa sauti ya watu waliochoka na siku. Rekodi kila kitu. Konda naye asiwe mwigizaji. Tafuta anayeifanya kazi hiyo, umlipe kama unavyowalipa wengine, umwache aite.

Bango

Bango halina wahusika, kwa hiyo Sheng yake karibu iishe. Nyuma ya matatu, mtu amekwama Jogoo Road, anasoma maneno matano au sita: *Zinaishanga kabla gari ijae. Mbao.* Hapo -anga inatosha kuonyesha mji, na mbao ni bei. Usitumie herufi za kuiga michoro ya nganya, maana zitakaa kando ya michoro halisi na kuaibika. Na usifupishe maneno kwa mtindo wa ujumbe wa simu. Ule uandishi wa "xaxa" ulizeeka pamoja na watumiaji wake wa kwanza wa Facebook.

Mteja na marekebisho ya mwisho

Siku ya kuidhinisha, mtu wa ofisi ya masoko ataomba "tuongeze kidogo, iwe ya vijana zaidi". Mchezee rekodi za majaribio za wale vijana wakisoma. Akiendelea kusisitiza, mwambie anaweza kuongeza neno moja akiondoa moja, naye achague. Mara nyingi hapo huacha.

Ukiwa bado studio, rekodi mistari ya "msee" na "cheki" mara nyingine kwa "jamaa" na "ona", kwa sauti ileile na siku ileile. Halafu soma maoni chini ya video za bidhaa kila wiki. Vijana wakianza kunukuu mstari kwa kejeli, utabadilisha huo mmoja bila kuwaita waigizaji tena wala kulipia studio upya.